Shajara ya mradi: zamu ya dakika 15 inayoacha kazi kabla zamu nyingine haijaanza

Mradi ni kusoma maandishi kwenye hati zilizoskaniwa: vitabu vya mihtasari ya mikutano na magazeti ya zamani, yote ya Kiswahili. Faili za PDF zinaingia kwenye folda, skripti ya Python inageuza kila ukurasa kuwa picha kwa `pdftoppm`, `tesseract -l swa` inasoma maandishi, na matokeo yanaingia kwenye hifadhidata ya SQLite ili yatafutike. Seva ni ndogo, viini viwili na kumbukumbu ya GB 4. Skripti inaamshwa na `cron` kila dakika 15. Tunaiita kila mara inapoamshwa "zamu".

Shajara hii inahusu jambo moja tu: jinsi ya kuifanya zamu ijue muda uliobaki, iache kazi mapema, na iziachie zamu zijazo kurasa zilizobaki bila kupoteza wala kurudia chochote. Anayetaka kuiga anaweza kuruka hadi 17 Machi, lakini makosa ya kabla ya hapo ndiyo yanayoeleza kwa nini kila mstari upo.

Jumatatu, 3 Machi 2025: zamu zapandana

Kwa miezi kadhaa skripti ilifanya kazi bila shida kwa sababu faili zilikuwa chache na kila zamu ilimaliza ndani ya dakika mbili tatu. Leo limeingia fungu la vitabu 11 vyenye kurasa 1,960 za A4, pamoja na kurasa 140 za magazeti za ukubwa wa A2. Saa moja baadaye seva haikuweza hata kufungua dirisha la amri.

`ps` ilionyesha nakala nne za skripti zikienda kwa pamoja. `cron` haiangalii kama kazi ya awali imekwisha. Saa ikifika, inaanzisha nyingine. Kila nakala ilikuwa imeorodhesha folda nzima na kuanza kitabu kilekile kutoka ukurasa wa kwanza. Viini ni viwili, kwa hiyo nakala nne zilifanya kila moja iende polepole zaidi, na kadiri zilivyochelewa ndivyo nyingine zilivyozidi kuanza juu yake. Mwisho kumbukumbu ilijaa, na `dmesg` ikaonyesha mistari ya `Out of memory: Killed process`. Faili kadhaa za maandishi zilibaki na baiti sifuri kwa sababu mchakato uliuawa katikati ya kuandika.

Hasara: saa nne za seva bila kitabu hata kimoja kilichokamilika.

Alhamisi, 6 Machi 2025: kufuli peke yake haitoshi

Marekebisho ya kwanza ni yale ambayo kila mtu huanza nayo, kufuli:

```
*/15 * * * * flock -n /run/lock/soma.lock /opt/soma/soma.py
```

`-n` inamaanisha usisubiri: kama kufuli imeshikwa, toka. Kupandana kwa zamu kuliisha papo hapo, na mstari huu haujaondolewa hadi leo.

Lakini kufuli inazuia mgongano tu, haigawi muda. Zamu iliyoanza saa 3:00 asubuhi iliendelea hadi mchana, na zamu zote zilizofuata ziligonga kufuli zikatoka kimya. Hati mbili za haraka zilizowekwa saa 3:20 zilikaa nyuma ya fungu zima, maana orodha ya faili ilisomwa mara moja tu mwanzoni mwa zamu. Vilevile, mabadiliko ya skripti tuliyopakia saa 5 hayakufanya kazi hadi mchana, kwa kuwa nakala iliyokuwa inaenda ni ile ya zamani. Zamu fupi zina faida hiyo ambayo ni rahisi kuisahau: kila baada ya dakika 15 mfumo unaanza upya na orodha mpya, mipangilio mipya na kumbukumbu safi.

Jumanne, 11 Machi 2025: kukata kutoka nje, na kitabu kisichoisha

Jaribio la pili lilikuwa kuikata zamu kutoka nje: `timeout 840` mbele ya skripti, dakika 14 za kazi na moja ya nafasi. Zamu zilianza kukatika kwa wakati, na alama ya kutoka ilikuwa 124, ambayo ndiyo `timeout` hurudisha inapokata. Siku mbili tuliamini kwamba kazi inasonga.

Haikuwa inasonga. Kitabu kikubwa kuliko vyote kina kurasa 212. Ukurasa wa A4 unachukua wastani wa sekunde 9.6, kwa hiyo kitabu kinahitaji sekunde 2,035, karibu dakika 34. Zamu yenye sekunde 840 inafika takriban ukurasa wa 87 na kukatwa. Skripti ilihesabu kitabu kuwa tayari pale tu kurasa zote zilipokwisha, basi zamu iliyofuata ilianza tena ukurasa wa 1 na kufika tena wa 87. Kitabu hicho kilikuwa cha kwanza kwenye orodha, kwa hiyo kwa siku mbili hakikumalizika na hakuna kingine kilichoguswa.

Dalili ya kosa hili ni ya kipekee, na inafaa kuijua: kiini cha seva kinafanya kazi asilimia 100, joto lipo, shughuli ipo, lakini idadi ya vilivyokamilika haibadiliki. Usiangalie mzigo wa seva, angalia idadi.

Marekebisho yalikuwa kubadilisha kipimo cha kazi. Kipande kimoja cha kazi sasa ni ukurasa, si kitabu. Faili ikiingia, kurasa zake zinaandikwa kila mmoja mstari wake kwenye jedwali `kurasa`, ukiwa na safu ya `hali`: `inasubiri`, `tayari` au `imekwama`. Mpango wa kazi ya kila ukurasa ni huu: andika maandishi kwenye faili ya muda, ihamishe mahali pake kwa `os.replace`, kisha badilisha hali kuwa `tayari` na uthibitishe hapohapo. `os.replace` kwenye diski ileile ama inafanyika yote ama haifanyiki kabisa, kwa hiyo faili za baiti sifuri ziliisha. Zamu ikifa katikati ya hatua hizo mbili, ukurasa mmoja unasomwa tena na kutoa matokeo yaleyale. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote inayowezekana sasa: ukurasa mmoja.

Mwanzoni tuliweka pia hali ya `imeanza`. Tuliiondoa siku hiyohiyo. Zamu ikiuawa, mistari yenye `imeanza` inabaki hivyo milele na hakuna anayeichukua. Hali hiyo inahitajika wafanyakazi wakiwa wengi kwa wakati mmoja. Hapa kufuli inahakikisha kuwa ni mmoja, kwa hiyo ukurasa ama unasubiri ama umekwisha.

Jumatatu, 17 Machi 2025: zamu inapewa saa yake

Sasa ukomo unahesabiwa ndani ya skripti, na skripti inajiuliza kabla ya kila ukurasa: nikiuanza huu, nitaumaliza kabla ya ukomo? Swali linaulizwa kabla ya kuanza. Tulipoliuliza baada ya kila ukurasa ("je, muda umepita?") zamu iliweza kuanza ukurasa wa gazeti ikiwa na sekunde tano mkononi.

Toleo la kwanza la ukomo lilikuwa sekunde 840 tangu skripti ianze. Linaonekana sahihi, na kwa zamu zinazoanzishwa na `cron` ni sahihi. Lilishindwa mtu alipoendesha skripti kwa mkono saa 4:07. Ilijipa dakika 14 na kuvuka saa 4:15, zamu halali ikakuta kufuli na kuondoka. Muda wa zamu haupimwi kutoka ilipoanza. Unapimwa kurudi nyuma kutoka pale zamu nyingine itakapoanza:

```python
KIPINDI = 900
AKIBA = 60

baki = KIPINDI - time.time() % KIPINDI
ukomo = time.monotonic() + baki - AKIBA
```

Saa za kompyuta zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na robo saa zote zinaangukia kwenye namba zinazogawanyika kwa 900, kwa hiyo salio la mgawanyo linatueleza tuko wapi ndani ya robo hii. Saa za Afrika Mashariki zimetofautiana na saa ya dunia kwa masaa kamili matatu, basi hesabu haiyumbi. Skripti ikianzishwa kwa mkono sekunde 30 kabla ya robo, ukomo unakuwa umeshapita, na inatoka bila kugusa kitu.

Angalia kwamba `time.time()` inatumika mara moja tu. Saa ya ukutani inaweza kurukishwa mbele au nyuma seva inapolinganishwa na saa za mtandao, na zamu iliyokuwa inalinganisha `datetime.now()` na ukomo itadhani muda umekwisha au umeongezeka. `time.monotonic()` hairudi nyuma na hairukishwi. Soma saa ya ukutani mwanzoni, kisha iache.

Mzunguko wenyewe ni mfupi:

```python
for uk in zinazosubiri():
    sasa = time.monotonic()
    if sasa + uk.mp * 2.5 > ukomo:
        break
    soma(uk, muda=min(180, ukomo - sasa))
```

Kadirio la ukurasa ndilo lililotusumbua. Tulianza na wastani, sekunde 9.6, na kila jioni kurasa za magazeti zilikatwa. Wastani ni wa A4, na ukurasa wa A2 una eneo mara nne. Kwa nukta 300 kwa inchi, A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani megapikseli 8.7, na A2 ni 34.8. Wastani wetu ni sekunde 1.1 kwa megapikseli, lakini kurasa zenye madoa, wino uliovuja au safu nyingi nyembamba zilifika 2.5. Tumechukua 2.5, kwa sababu kadirio la kuamua kuanza halitakiwi kuwa la kawaida, linatakiwa kuwa la siku mbaya. A4 inapewa sekunde 22 na A2 inapewa 87. Ukubwa wa ukurasa unajulikana kabla ya kuugeuza picha, `pdfinfo -f 1 -l 999` inautaja, kwa hiyo megapikseli zinaandikwa kwenye safu ya `mp` faili inapoingia.

Kitu kidogo kilichosaidia makadirio: `OMP_THREAD_LIMIT=1` kwenye mazingira ya skripti. Bila hiyo `tesseract` inafungua nyuzi hadi nne, na kwenye viini viwili zinagombania nafasi. Muda wa ukurasa uleule uliacha kuyumba sana kati ya zamu moja na nyingine, na kadirio lisiloyumba ni la thamani zaidi kuliko kasi.

Gharama ya hatua hii: siku moja na nusu ya kazi. Hakuna kilichonunuliwa.

Ijumaa, 21 Machi 2025: makosa matatu ya wiki

La kwanza: mchakato usiokufa. Ukurasa ukizidi muda wake, `subprocess.run` yenye `timeout` inaua mchakato iliouanzisha. Sisi tulikuwa tunaanzisha `sh` yenye amri tatu mfululizo, `pdftoppm`, kisha `tesseract`, kisha `rm` ya picha. Kilichouawa ni `sh`, na `tesseract` ikaendelea peke yake kama yatima. Zamu ilifungwa vizuri, kufuli ikaachiwa, zamu mpya ikaanza, na zote mbili zikawa zinagombania seva. Makadirio yote ya zamu mpya yalivurugika bila sababu kuonekana kwenye faili lake la kumbukumbu za matukio. Ukiona zamu inaanza polepole na kuchangamka baadaye, tafuta yatima kwa `ps -ef` na uangalie safu ya mzazi: ikiwa ni 1, umempata. Sasa kila amri inaitwa moja kwa moja kama orodha ya maneno, bila `shell=True`, na picha inafutwa na Python.

La pili: hukumu isiyo ya haki. Ukurasa ulioshindwa mara tatu unawekwa `imekwama` ili usizuie wengine. Wiki hii kurasa 19 ziliwekwa hivyo, na tulipozisoma kwa mkono, 14 hazikuwa na kasoro yoyote. Zilikuwa zimeangukia mwisho wa zamu, zikapewa sekunde 40 au 50 zilizobaki badala ya 180, zikakatwa, na zikahesabiwa kosa. Ukurasa uliokatwa kwa sababu zamu imekwisha si sawa na ukurasa uliokula muda wake wote ukashindwa. Sheria mpya: kosa linahesabiwa tu ikiwa muda uliotolewa ulikuwa 180 kamili. Vinginevyo ukurasa unabaki `inasubiri` na unakuwa wa kwanza kwenye zamu ijayo, ambako utapata nafasi yote. Kurasa 14 zilirudishwa kwenye foleni kwa amri moja ya `UPDATE`, na zote zilisomeka.

La tatu lilitokana na pupa yetu. `break` ya kwenye mzunguko inasimamisha zamu kwenye ukurasa wa kwanza usiotosha. Kama ni wa A2, zamu inaweza kuacha hadi sekunde 86 bila kazi, karibu sehemu ya kumi ya muda wote. Tukaona tupange foleni kuanzia kurasa ndogo, ili mwisho wa zamu ujae. Sekunde zilijaa kweli. Lakini hati ndogo mpya zilikuwa zinaingia kila siku, kila zamu ilianza nazo, na kurasa za magazeti zikakaa siku nne bila hata moja kuguswa. Mwenye mwili mkubwa alikuwa anapishwa kila mara na wadogo waliofika jana.

Foleni imerudi kwenye mpangilio wa kufika, `ORDER BY id`. Ukurasa wa mbele usipotosha, skripti inaangalia 20 wanaofuata na kuchukua wanaotosha, kisha inafunga. Huyo mkubwa hapotezi nafasi yake: namba yake haibadiliki, kwa hiyo zamu ijayo inaanza naye akiwa na dakika 14 mbele yake. Hili ni salama kwa sababu hiyo moja tu. Kama foleni yako inampeleka nyuma kila anayerukwa, usitumie njia hii.

Alhamisi, 27 Machi 2025: akiba ililiwa na kazi ya kufunga

Kumbukumbu za usiku zilionyesha zamu tatu zilizogonga kufuli, ingawa hakuna zamu iliyosoma ukurasa baada ya ukomo. Muda ulipotea baada ya mzunguko, kwenye kazi ya kufunga. Mwisho wa kila zamu tulikuwa tunajenga upya faharasa ya utafutaji:

```sql
INSERT INTO tafuta(tafuta) VALUES('rebuild');
```

Akiba ya sekunde 60 ilipangwa siku ujenzi huo ulipochukua sekunde 35. Lakini `rebuild` inasoma maandishi yote yaliyopo, si ya zamu hii tu, na kadiri maktaba ilivyokua ndivyo ulivyorefuka. Usiku wa jana ulifika sekunde 80. Kazi ya kufunga inayokua pamoja na maktaba italipita fungu lolote la akiba, ni suala la wiki tu. Kuongeza akiba hadi 120 kungetupa nafuu ya mwezi mmoja, na huku kila zamu ikipoteza dakika nzima ya kusoma.

Tumehamisha faharasa ndani ya kazi ya ukurasa: maandishi ya ukurasa yanaingizwa kwenye faharasa katika muamala uleule unaobadilisha hali kuwa `tayari`. Kila ukurasa umeongezeka sehemu ndogo ya sekunde, ambayo tayari imo kwenye kipimo cha 2.5. Kufunga sasa ni kuandika mstari mmoja wa kumbukumbu na kufunga hifadhidata, chini ya sekunde mbili, na `AKIBA` imeshuka kutoka 60 hadi 30.

`timeout` ya nje imerudishwa, safari hii kama mlinzi wa mwisho tu:

```
*/15 * * * * flock -n /run/lock/soma.lock timeout -k 5 885 /opt/soma/soma.py
```

Zamu ya kawaida inaacha kusoma sekunde ya 870. Ikiganda kwa sababu yoyote, sekunde ya 885 inaombwa itoke, na sekunde ya 890 inauawa. Mpangilio wa namba hizi ni muhimu: ukomo wa ndani lazima utangulie wa nje kwa zaidi ya muda wa kufunga. Kama zikikaribiana, mlinzi atakuwa anakata zamu zilizokuwa zinajifunga vizuri, na alama 124 itaonekana mara kwa mara. Tangu leo alama hiyo ni ya kuchunguzwa kila ikitokea.

Jumatano, 9 Aprili 2025: ramani, na kipimo kilichobaki

Imeingia ramani ya mipaka ya mashamba ya ukubwa wa A0. Kwa nukta 300 ni megapikseli 139.5, na kadirio lake ni sekunde 349. Zamu ina sekunde 870, kwa hiyo iliruhusiwa kuanza, lakini kikomo cha ukurasa mmoja ni 180. Ilikatwa mara tatu, ikala dakika tisa za zamu tatu, ikawekwa `imekwama`. Mfumo ulifanya ulivyoagizwa, ila dakika hizo tisa zilijulikana tangu mwanzo kuwa ni za bure.

Sasa ukaguzi unafanyika faili inapoingia: ukurasa ambao `mp * 2.5` inazidi 180 hauingii kwenye foleni kwa nukta 300. Unashushwa hadi 150, na ramani hiyo ikawa megapikseli 34.9, sawa na ukurasa wa gazeti, ikapita kwa sekunde 51. Majina ya vijiji yalisomeka, maandishi madogo ya pembeni hayakusomeka. Kwa hati ambazo maandishi madogo ni muhimu, njia ni kuukata ukurasa vipande vinne vinavyopandana kidogo pembeni na kila kipande kuwa mstari wake kwenye jedwali. Hiyo bado haijaandikwa.

Fungu la Machi limekwisha kitambo. Kwa hesabu ya karatasi, A4 1,960 kwa sekunde 9.6 na A2 140 kwa sekunde 38 ni kama masaa 6.7 ya kusoma. Kila zamu inatoa takriban sekunde 850 za kazi halisi, basi zamu 29, masaa 7 na robo. Siku nne ambazo magazeti yalikaa hayajaguswa zote zilitokana na mpangilio wa foleni, si na uwezo wa seva.

Mstari wa kumbukumbu wa zamu ya leo asubuhi:

```
10:14:22 tayari=85 zimebaki=412 sababu=muda nafasi=38s
```

Zamu iliyoacha kazi kwa sababu ya muda inatoka na alama 0. Mwanzoni tuliipa alama 1 na ujumbe wa kosa, na `cron`, ambayo hutuma barua kila kazi inapotoa maandishi, ikatutumia barua 96 kwa siku kuhusu jambo la kawaida kabisa, hadi barua moja ya kosa la kweli ikapita bila kusomwa. `sababu` ina thamani mbili zinazotarajiwa, `muda` na `foleni_tupu`.

Kinachofuatiliwa badala yake ni umri wa ukurasa wa zamani kuliko wote unaosubiri. Idadi ya zilizobaki haitoshi, kwa kuwa 412 inaweza kuwa fungu la leo linalosonga vizuri au mabaki ya wiki iliyopita. Onyo linatumwa umri ukipita masaa 24:

```sql
SELECT (strftime('%s','now') - MIN(ilifika)) / 3600.0
FROM kurasa WHERE hali = 'inasubiri';
```

Safu ya `ilifika` inahifadhi sekunde tangu 1970. Kwa A4 pekee seva hii inaweza kusoma kurasa kama 8,500 kwa siku. Zikiingia nyingi kuliko hizo siku baada ya siku, umri utapanda hata kama kila zamu inafunga kwa wakati, na hapo kinachohitajika ni mfanyakazi wa pili kwenye kiini cha pili au kupunguza nukta, si kubadilisha ukomo.

Hatua inayofuata: kukata kurasa kubwa vipande. Kipimo cha 2.5 pia kitapimwa upya kutoka muda halisi wa kurasa 2,000 za mwisho, kwa A4 na A2 kila moja peke yake, kwa sababu inaonekana A4 safi zinapewa muda mara mbili ya ule zinaouhitaji.